Jinsi ya kuandika barua ya kuomba kubadilishiwa kibodi mpya inayoandika herufi mara mbili

Nina meza ya ufundi wa kompyuta Uyole, na barua hii nimeshawasaidia wateja kadhaa kuiandika. Nitatumia ya dada mmoja anayechapa mihtasari ya VICOBA Mwanjelwa. Alinunua kibodi ya mekanika katika duka moja mjini Mbeya kwa shilingi 68,000. Siku ya tatu akaanza kuona herufi "a" inatoka mara mbili, ingawa yeye amebonyeza mara moja.

Kwa Kiswahili ugonjwa huu ni mbaya kuliko unavyoonekana, kwa sababu "aa" ni mwandiko halali kwetu. Katika muhtasari mmoja alikusudia kuandika kwamba wanachama wameamua kukata fedha ya dharura kwenye gawio. Karatasi ikatoka ikisema wameamua kukataa fedha ya dharura. Kikagua tahajia hakikupiga mstari mwekundu, maana maneno yote mawili yapo. Katibu ndiye aliyeliona kosa, tayari watu wakiwa wameshaweka sahihi.

Alirudi dukani bila barua. Muuzaji akachomeka kibodi kwenye laptopu yake, akabonyeza "a" kama mara kumi, zikatoka kumi. "Dada, mbona nzima hii?" Akarudishwa nayo, na ndipo alipokuja kwangu.

Muuzaji yule hakuwa anadanganya. Kibodi ikirudia mara 8 katika kila mibonyezo 100, mtu akiibonyeza mara kumi tu ana uwezekano wa karibu asilimia 43 wa kutoona kosa hata moja. Akibonyeza mara 100, kutoona kitu ni jambo lisilotarajiwa kabisa. Kwa hiyo kazi ya barua yako ni kumfanya muuzaji apime inavyotakiwa, na malalamiko peke yake hayawezi kufanya hivyo.

Hatua ya 1: Acha kuigusa ndani

Usifungue skrubu, usipulizie dawa ya kusafishia, using'oe kitufe kwa bisibisi. Kitufe chenye mkwaruzo kitampa muuzaji sababu ya kusema umeiharibu mwenyewe. Tafuta boksi, waya, karatasi zilizokuja nayo na risiti ya EFD. Wino wa risiti hizo hufifia, kwa hiyo ipige picha leo hii.

Hatua ya 2: Hesabu

Fungua Notepad, zima Word Wrap, hakikisha mstari wa chini unaoonyesha `Ln` na `Col` unaonekana. Bonyeza "a" mara 100, taratibu, ukihesabu kwa sauti makumi kwa makumi. Kidole kipande juu kabisa kabla ya kushuka tena. Ukimaliza, soma chini. Kibodi nzima itaonyesha `Col 101`, kwa sababu kishale kinasimama mbele ya herufi ya mia. Kila namba inayozidi hapo ni herufi ambayo hukuibonyeza.

Rudia mara tatu, maana mtu anayehesabu huweza kukosea moja. Kisha fanya vivyo hivyo kwa kitufe jirani ambacho hakina tatizo. Dada yule alipata 109, 108 na 110 kwa "a", na 101 mara zote tatu kwa "s". Yaani herufi 24 za ziada katika mibonyezo 300. Hiyo "s" ina kazi kubwa kwenye barua: inaonyesha kwamba mkono ni uleule, kompyuta ni ileile, na kilichotofautiana ni kitufe.

Hatua ya 3: Ondoa visingizio viwili kabla havijasemwa

Cha kwanza ni "unakawia kuachia kitufe". Ni kweli kwamba kompyuta hurudia herufi ukiishikilia. Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika hivi:

```
control keyboard
```

Kwenye dirisha litakalofunguka, sogeza `Repeat delay` hadi `Long`. Sasa kompyuta itasubiri takriban sekunde nzima kabla ya kurudia. Hesabu tena. Herufi za ziada zikitoweka, kibodi yako haina kosa, na barua hii usiiandike. Zikibaki, kisingizio hicho kimekwisha.

Cha pili ni "kompyuta yako ina virusi". Peleka kibodi kwenye kompyuta ya mtu mwingine, uichomeke moja kwa moja kwenye mashine bila kupitia kigawanyo cha USB, kisha hesabu mara moja tena. Kwenye kompyuta yangu ilitoa 109.

Hatua ya 4: Pima muda

Hatua hii unaweza kuiruka, lakini ndiyo inayomnyamazisha muuzaji anayejua kompyuta. Ndani ya kila swichi ya mekanika kuna bamba dogo la chuma. Linapogusa lenzake hurukaruka kwa milisekunde chache kabla ya kutulia. Chipu ya kibodi inalijua hilo, hivyo husubiri kidogo, mara nyingi milisekunde 5 hivi, na kuyahesabu yote kuwa mbonyezo mmoja. Bamba likiwa limepinda au limeingia uchafu tangu kiwandani, huruka kwa muda mrefu kuliko chipu inavyosubiri, na mruko wa pili unahesabiwa kuwa herufi mpya.

Hifadhi mistari hii kwa jina `jaribio.html`, uifungue kwenye kivinjari. Haihitaji bando.

```html
<input onkeydown="if(!event.repeat){p.append(event.key+' '+Math.round(event.timeStamp-(window.t||0))+'\n');window.t=event.timeStamp}">
<pre id="p"></pre>
```

Bonyeza ndani ya kisanduku. Kila mstari utaonyesha herufi na milisekunde zilizopita tangu mbonyezo uliotangulia. Mtu anayebonyeza kwa utulivu huona namba kama 350 au 420. Herufi ya uongo hujitokeza na namba ndogo sana: dada alipata kati ya 18 na 31. Kidole kimoja hakiwezi kupanda na kushuka tena kwenye kitufe kilekile ndani ya muda huo, hata ukiwa na haraka namna gani. Kompyuta inapojirudia yenyewe kwa sababu umeshikilia kitufe, mistari hii haihesabu, kwa hiyo utakachokiona kimetoka kwenye swichi.

Piga video fupi, kidole na kioo vikionekana katika picha moja. Sekunde 40 zinatosha.

Hatua ya 5: Andika

Andika mapema. Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 214, inamlinda mnunuzi anayeuziwa kitu kibovu na mfanyabiashara wa vitu hivyo. Lakini ukikaa nacho kimya kupita muda wa kuridhisha, unahesabiwa umekikubali. Ndiyo maana tarehe ya kununua, tarehe ya kuona kosa na tarehe ya barua lazima ziwemo zote tatu. Sheria yenyewe usiitaje kwenye barua ya kwanza. Nimeona wauzaji waliokuwa tayari kubadilisha wakikaza shingo baada ya kusoma neno "mahakama".

Omba kitu kimoja. Barua inayosema "nibadilishieni, au mnirudishie fedha, au mnipunguzie" inamwalika muuzaji achague kilicho rahisi kwake. Na usiandike "kibodi ni mbovu". Andika inafanya nini. Hii hapa ya dada yule, nimeondoa majina tu:

> Mwanjelwa, Mbeya
> Simu: ………
> 14 Julai 2025
>
> Meneja,
> Duka la ………
> Mbeya.
>
> Ndugu Meneja,
>
> YAH: KUOMBA KUBADILISHIWA KIBODI MPYA INAYOANDIKA HERUFI "A" MARA MBILI
>
> Husika na kichwa cha habari hapo juu. Tarehe 9 Julai 2025 nilinunua dukani kwenu kibodi ya mekanika aina ya ………, namba ya utambulisho ………, kwa shilingi 68,000. Namba ya risiti ni ………
>
> Tarehe 11 Julai niligundua kuwa kitufe cha "a" kinaandika herufi mbili ninapobonyeza mara moja. Nimekipima kwa kubonyeza mara 100, kwa awamu tatu: zilitoka herufi 108, 107 na 109. Kitufe cha "s" kwa kipimo hichohicho kilitoa 100 mara zote tatu. Nimeweka Repeat delay kwenye Long na kosa limebaki. Nimeijaribu kwenye kompyuta ya pili nako zimetoka 108. Herufi ya ziada hufuata ya kwanza kwa milisekunde 18 hadi 31.
>
> Tarehe 12 Julai niliileta dukani, ikajaribiwa kwa mibonyezo kama kumi na kosa halikuonekana. Kwa kuwa hutokea takriban mara 8 katika 100, naomba ijaribiwe kwa mibonyezo 100 mbele yangu.
>
> Kibodi haijafunguliwa wala kumwagikiwa na kitu. Sijabadili nia ya kununua. Naomba nipewe nyingine ya aina ileile inayofanya kazi, kabla ya Jumatatu tarehe 21 Julai 2025. Nimeambatisha nakala ya risiti, na video ninayo kwenye simu.
>
> Wako mwaminifu,
> (sahihi na jina)

Tazama kwamba barua inataja herufi zilizotoka, si namba ya `Col`. Ukiandika 109 pale zilipotoka 108, muuzaji akihesabu na kupata tofauti ya moja atatilia shaka na hayo mengine. Sentensi ya "sijabadili nia" nayo ina sababu yake: risiti nyingi zimegongwa "mali ikishauzwa hairudishwi", na jibu ni kwamba hurudishi mali kwa kutoipenda, unaomba kilekile ulicholipia.

Hatua ya 6: Peleka

Chapa nakala mbili. Nenda asubuhi kabla duka halijajaa, salimia, mpe meneja nakala moja, na kwenye ya pili aandike "imepokelewa", tarehe, jina na sahihi. Akikataa kusaini, usigombane. Mtumie picha ya barua kwa simu hapohapo ili tarehe ibaki. Siku ya mwisho ikipita kimya, barua ya pili ndiyo itakayotaja Sura ya 214, ombi la fedha zote, na kwamba utaifikisha Tume ya Ushindani.

Kwa dada yule hatukufika huko. Meneja alisoma barua akiwa amesimama, akamwita kijana wa kaunta: "Hebu bonyeza mia, hesabu kwa sauti." Kwenye thelathini na kitu "aa" ya kwanza ikatokea, naye akasimamisha zoezi. Akatoa boksi jingine. Dada akaomba nalo lipimwe kabla hajaondoka, "a" kwanza, kisha kitufe cha nafasi, kisha sifuri, ambayo ikijirudia kwenye muhtasari wa fedha huigeuza elfu hamsini kuwa laki tano. Vyote vikasimama kwenye `Col 101`, na meneja akaandika namba ya kibodi mpya nyuma ya risiti ya zamani, akagonga muhuri.