TP ya grupu na batu haujue: vile tunagawanyaga kazi na kupingana bila kugombana

Kama uko mwanafunzi hapa Goma unajua vile inaendaka: asistanti anabandika liste, amegawanya batu kwa alfabe, na wewe unajikuta na batu tano wenye unaonaga tu mgongo mu odituari. Mi nimefanya hizo TP sasa mara nyingi, mara mingi kama shefu wa grupu juu hakuna mwingine aliyeitika, na naandika hapa vile tunafanyaga, nikichukua ile moja ya bei ya makala ku soko tatu: Virunga, Alanine na Kituku. Siku 12, batu 6, fishi 45 za kuuliza bauzaji, 15 kwa kila soko.

Hatua ya 1: usiulize "nani anataka nini"

Ukiuliza hivyo kwa batu basiojuana, wawili watasema, bengine batanyamaza na utafikiri bamekubali. Mi nakata karatasi, kila mutu anaandika vitu vine: kazi mbili anaweza, kazi moja hawezi, siku gani hayuko, na kama iko na ordinateri ao telefone tu. Dakika kumi, pale pale inje ya odituari mbele batu hawajatawanyika. Njo pale nilijua kama mukubwa mumoja wa grupu yetu alikuwa mwalimu wa hesabu ku sekondari na anafundisha asubuhi yote, na mama mumoja anauzaga ku Alanine, kwa hiyo bauzaji bale banamujua. Kwa liste ya asistanti hiyo haiandikwe.

Hatua ya 2: gawanya kwa kitu chenye kinaonekana, hapana kwa shapitre

Hii njo kosa ya kila mwaka. Batu banasema "wewe shapitre ya kwanza, wewe ya pili", na siku ya mwisho uko na shapitre nne zisizojuana, moja inasema makala inatoka Masisi, ingine inasema Rutshuru, na hakuna mutu alienda ku soko. Kazi ya kugawanya iko na namba, siku, na mutu wa kuipokea. Yetu iliandikwa hivi: "Mama: fishi 15 za Alanine, ku siku ya 4 saa kumi, anampa Mukubwa mu mkono." Ukisoma hiyo unajua siku ya 4 jioni kama imefanyika ao haijafanyika, hakuna mabishano.

Na tulibaki wawili wawili ku kila soko. Mwaka 1913 mufaransa mumoja wa mambo ya kilimo, Ringelmann, alionesha kama batu wakivuta kamba pamoja kila mumoja anavuta kidogo kuliko akiwa yeye peke yake, na ku batu 8 kila mutu alikuwa anatoa karibu nusu tu ya nguvu yake. Ukituma batu sita pamoja ku Kituku, wawili batauliza, wane batakuwa banatazama ziwa. Nimeona na macho yangu.

Mutu wa kuunganisha yote mu dokima moja, usimupe kazi ingine kubwa, na aanze siku ya 9, hapana ya 11. Kusawazisha tablo, kuondoa vitu vilivyorudiliwa, kungoja moto irudi ili ordinateri ichajwe, ile inakulaka siku mbili bila kuuliza.

Hatua ya 3: sheria ya kushindwa, muipange siku ya kwanza

Mbele mutu yeyote hajakosea. Siye tulisema: ukishindwa, sema siku mbili mbele na hakuna mutu atakuuliza sababu, mwenzako wa soko atachukua. Ukinyamaza mupaka siku inapita, kazi inaenda kwa mwenzako na tutakaa na wewe wote sita mbele jina lako halijaandikwa ku ukurasa wa kwanza. Ukiileta hiyo sheria siku ya 8, itakuwa imelenga mutu mumoja na kila mutu atamujua.

Pesa ya fotokopi vilevile, tuliisema siku hiyo hiyo. Mwenye hakuwa nayo alitoa mega zake za kutuma mapicha, tukamaliza.

Hatua ya 4: kupinga mutu mwenye haumuzoee

Hapa nitakaa kidogo juu nilianza vibaya.

Mukubwa alipiga hesabu ya bei ya katikati ya gunia ku soko zote tatu, akaitia mu grupu ya watsapu, safi kabisa. Lakini magunia hayakuwa sawa. Ku soko moja gunia iko na kofia, ile majani marefu yamefungwa na kamba juu, makala imepanda mupaka kule. Ku ingine gunia imeshonwa mudomo sawasawa. Bei ya gunia kwa gunia haisemi kitu. Mi nikaandika mbele ya bote: "Hiyo hesabu haiko sawa." Akajibu neno moja, "Sawa." Na siku nzima kimya, hata bale bengine banyamaza. Hiyo "Sawa" ya peke yake usiifurahie, mutu mukubwa akikujibu hivyo ametoka mu travai, amebakisha jina tu.

Kesho yake nikamungojea ku mulango. Nikamusalimia, nikamuuliza habari ya banafunzi bake, kisha: "Mukubwa, jana niliandika vibaya, unisamehe. Kuna kitu kimoja sikielewi, unisaidie." Nikamuonesha picha mbili za magunia mu telefone. Nikatia mufano wa hesabu rahisi: tuseme hii ni franka 60,000 na iko na kilo 60, hii ni 50,000 na iko na kilo 40. Akatazama, akacheka, akasema mwenyewe: "Kumbe ya bei ndogo njo ya bei kali." Franka 1,000 kwa kilo, na ingine 1,250. Yeye njo alileta wazo la kuomba mizani na kupima magunia matatu ku kila soko, na mi nikamuachia ayaseme mu grupu. Sikuongeza hata neno moja.

Kwa hiyo mupango ni huu: unaenda kwake peke yake, unashika kitu cha kuonesha, unauliza mbele ya kusema, na unamuachia yeye atangaze. Kwa rika lako unaweza kufupisha, "ndugu, tuangalie hii pamoja" inatosha.

Hatua ya 5: kama kitu hakiko kosa, kiko uongo

Ile njia ya juu haitoshi pale mutu amejaza fishi akiwa nyumbani. Utaijua: kalamu moja, mwandiko haujachoka, fishi zote 15 saa moja, na hakuna muuzaji hata mumoja alikataa kujibu, wakati ku soko kuna siku zote mwenye anakufukuza. Usimuite muongo. Tulimwambia kijana mwenyewe: "Yaya, tuchague fishi tatu, turudi na wewe ku bale bauzaji, tunataka tupime na magunia yao." Akanyamaza, kisha akasema saba tu njo za kweli.

Tulibakisha saba. Fishi 37 mu pahali pa 45, na tukaandika hivyo mu travai, asistanti aliuliza sababu na Mukubwa akajibu: "Zingine hatukuweza kuzihakikisha, tukazitosha."

Kijana alichapisha tablo zote yeye mwenyewe ile usiku.