Opsheni yako yataka bei isogee kiasi gani leo?
Kabla soko la hisa la Nyuyoki halijafungua (kwetu Mombasa saa kumi na nusu jioni, kumi na moja na nusu wakiwa kwenye baridi), piga hesabu hii kwa opsheni uliyonunua: √(2 × theta ÷ gama), theta ikiwa thamani ambayo opsheni hupoteza kwa siku, bila alama ya kutoa. Delta ni mwendo wa bei ya opsheni hisa ikisogea dola moja, na gama ni badiliko la delta hiyo kwa kila dola. Gama 0.05, theta senti 4 kwa siku: 0.08 ÷ 0.05 ni 1.6, kipeuo chake cha pili dola 1.26. Hisa ya dola 100 isiposogea hivyo, juu au chini, siku imekula hela yako. Hii ni ukishafidia delta kwa kununua au kuuza hisa: gama hukulipa ½ × gama × mwendo², theta hukata. Kwenye mwendo huo ndipo malipo na makato yanapolingana. Opsheni ikikaribia kuisha muda, usiiamini hesabu hii: bei ikisogea kidogo tu, gama yenyewe imeshabadilika.