Jinsi ya kusoma risiti ya pesa unazotuma Lubumbashi, na kudai zikifika pungufu

Mdogo wangu anaishi Texas. Akishatuma pesa ya mama huipiga risiti picha, anaiweka WhatsApp na kuandika: "Yaya, zimeenda." Kwa muda mrefu mimi nilikuwa natazama namba ya kuchukulia pesa tu, mengine nayaruka. Siku mama alipotoka kwa ajenti na bahasha isiyolingana na karatasi ndipo nilipoketi na ile picha, mstari kwa mstari. Haya ninayaandika kwa wewe unayetuma kutoka Marekani, kwa sababu huko ndiko sheria inakolazimisha risiti iwe na mistari hiyo.

Kabla hujalipa, kampuni ni lazima ikuonyeshe hesabu yote. Usitoe pesa kabla hujaiona. Juu utakuta "Transfer Amount", yaani kiasi unachotuma, kisha "Transfer Fees", ada ya kampuni, na "Transfer Taxes", kodi. Tangu mwanzo wa 2026 serikali ya Marekani inatoza kodi ya asilimia 1 kwa anayelipia kwa pesa taslimu, "money order" au "cashier's check". Ukilipa kwa kadi ya benki ya Marekani au moja kwa moja kutoka akaunti yako ya huko, kodi hiyo haikuhusu. Jumla ya hiyo mistari mitatu ndiyo "Total", pesa inayotoka mfukoni mwako. Chini yake huja "Exchange Rate", bei ya kubadilisha, na mwishoni "Total to Recipient", kile ambacho mama anapaswa kushika mkononi.

Ada inajionyesha yenyewe, haina shida. Shida iko kwenye bei ya kubadilisha. Sheria inailazimisha kampuni iandike bei itakayotumia, lakini haiilazimishi iseme imejikatia kiasi gani ndani ya bei hiyo. Hakuna mstari wa faida. Itabidi uitafute mwenyewe.

Chukua mfano. Unataka kutuma dola 300 taslimu, na siku hiyo kambisti, yaani mbadilisha pesa wa mtaani kwetu, ananunua dola moja kwa faranga 2,250. (Bei hupanda na kushuka, wewe tumia ya siku yako.) Kampuni ya kwanza inatoza ada ya 9.99 na mama atapokea dola. Kodi ni 3.00, kwa hiyo "Total" inasoma 312.99. Dola inakwenda kuwa dola, hakuna kinachobadilishwa, na mara nyingi mstari wa "Exchange Rate" hautokei kabisa. Mama anapata 300. Gharama yako ni 12.99, basi.

Kampuni ya pili imeandika kwa herufi kubwa kwamba haina ada. "Transfer Fees" inasoma 0.00, kodi ni ileile 3.00, unalipa 303. Ila mama atapokea faranga, na bei iliyoandikwa ni 2,150. Zidisha kwa 300: faranga 645,000. Kwa kambisti dola hizohizo zingetoa 675,000. Zimepotea faranga 30,000, na ukizigawanya kwa 2,250 unapata dola 13 na senti 33. Ongeza kodi: 16.33. Ile "bila ada" imekula zaidi ya ile yenye ada.

Watu wengine hupima kwa bei wanayoiona kwenye simu wakitafuta mtandaoni. Kwa Lubumbashi mimi naona kipimo cha haki ni bei ya kambisti ya kununua dola, saa ileile, kwa maana huko ndiko mama angeenda na dola zake. Usichukue bei yake ya kuuza, hiyo iko juu zaidi na itakudanganya. Mpigie mtu aliye hapa umuulize, ni dakika moja. Na kuna jambo jingine: kodi ya nyumba hapa hulipwa kwa dola. Mama akipokea faranga zote, atarudi kununua dola za mwenye nyumba, aumie mara ya pili. Faranga ni za soko, mkaa na usafiri. Kwa hiyo tuma dola, abadilishe kidogokidogo. Aziangalie noti papo hapo dirishani, maana iliyopasuka hata kidogo hapa haipokelewi.

Ukituma kwenye simu yake badala ya kwa ajenti, jua kwamba ada ya kutoa pesa inamngoja huku. Risiti huenda ikawa na maneno ya kuonya kwamba mpokeaji anaweza kupata pungufu, lakini kiasi chenyewe huenda hakikuandikwa. Mwongezee.

Sasa nirudi kwa mama. Risiti ilisema "Total to Recipient" 300.00 USD. Ajenti alimwambia dola zimeisha, akahesabu faranga 640,000 na kumsukumia karatasi atie sahihi. Mama alitia. Kosa letu lilikuwa hapo: angekataa kwa upole, akatoka, akarudi kesho yake au tukamtafutia ajenti mwingine. Pesa ambayo haijachukuliwa haijaharibika.

Lakini hata baada ya sahihi, njia ya kudai ipo, na anayedai ni mtumaji. Mpokeaji kazi yake ni ushahidi: apige picha karatasi aliyopewa, aandike saa, mahali, kiasi na aina ya pesa aliyohesabiwa. Mtumaji awasiliane na kampuni, kwa simu au kwa maandishi, aseme jina lake na namba yake ya simu au anwani, jina la mpokeaji, namba ya risiti, na kosa ni nini. Usiseme "mlituibia kwenye bei", maana bei mbaya uliyoikubali si kosa kisheria. Sema hivi: risiti iliahidi dola 300, hazikutolewa. Ahadi ya "Total to Recipient" isipotimizwa, au pesa ikichelewa kupita "Date Available", yaani tarehe iliyoahidiwa kuwa pesa itapatikana, hilo ni kosa linalodaiwa. Namba ya simu ukiikosea wewe mwenyewe ni kesi nyingine, ngumu zaidi.

Una siku 180 kuanzia hiyo "Date Available". Kampuni nayo ina siku 90 za kuchunguza, na ikimaliza ikujulishe ndani ya siku 3 za kazi. Ikikubali kosa, unachagua: urudishiwe kilichopungua, au kipelekwe kwa mpokeaji bila gharama mpya. Ikikunyamazia, tazama chini ya risiti yako: pameandikwa ofisi ya jimbo lako inayosimamia kampuni hizo, pamoja na CFPB, ofisi ya serikali ya Marekani inayolinda wateja wa huduma za fedha.

Kufuta ni haraka zaidi, ila dirisha lake ni dogo: dakika 30 tangu ulipolipa, ikiwa mama hajachukua na pesa haijaingia kwenye akaunti au simu yake. Hapo unarudishiwa yote pamoja na ada, ndani ya siku 3 za kazi. Ndiyo maana siku hizi mdogo wangu hutuma picha ya risiti akiwa bado amesimama pale kaunta, nami namjibu baada ya kuisoma hadi mstari wa mwisho. Wiki iliyopita aliandikiwa CDF, yaani faranga, mahali pa USD. Alikuwa na dakika 22 mkononi.