Futa alama za kamera kwenye picha ya darasa lako la mtandaoni

Mwalimu mwenzangu wa tuisheni hapa Mbeya, ukiunganisha kamera ya Sony ZV-E10 na kompyuta kupitia kadi ya kunasa video, wanafunzi wanaweza kuona alama ya betri na miraba ya fokasi juu ya uso wako. Kadi haina kosa. Kamera ndiyo inayotuma maandishi ya kioo chake. Ingia kwenye menyu, tafuta `HDMI Info. Display`, weka `Off`. Tundu lenyewe ni la HDMI ndogo kabisa na hulegea, kwa hiyo funga waya kwenye mguu wa stendi usining'inie. Huna kadi? Waya wa USB na `USB Streaming` vinatosha. Picha itaishia 720p, lakini kwa bando zetu hizi, mimi naona ni nafuu.