Duka limefungwa, mfumo wa mauzo bado unakata pesa: jinsi ya kuuzima

Dada mmoja alikuwa na duka la vipodozi Mwanza. Februari alirudisha ufunguo wa fremu, akauza rafu na kishikwambi cha kaunta, akaifuta programu ya mauzo kwenye simu yake. Novemba aliniletea taarifa ya benki nimwandalie hesabu, tukakuta programu ile bado inakata dola 39 kila mwezi: 29 za duka, 10 za kaunta ya pili. Miezi tisa, dola 351. Kufuta programu kwenye simu hakusitishi malipo, kwa sababu kinachotozwa ni akaunti iliyosajiliwa kwa kampuni, na ile ilikuwa hai. Tuliifunga kwa mpangilio huu.

1. Jua pesa inatokea mlango gani. Chukua taarifa ya benki ya miezi mitatu na utafute kwa tarehe, usitafute kwa kiasi. Bei ni ya dola, benki inakata shilingi, kwa hiyo kiasi hubadilika kila mwezi na jicho linakiruka. Jina nalo linaweza kuwa la kampuni inayopokea malipo badala ya jina la programu. Kwake ndivyo ilivyokuwa, akadhani ni makato ya benki. Kisichohama sana ni tarehe: kila tarehe 14 au siku inayofuata.

Kama ulijiunga kupitia Play Store, malipo yanasitishwa hukohuko. Gusa picha yako, kisha `Payments & subscriptions`, kisha `Subscriptions`. Kama haimo, huenda ulijiunga kwenye tovuti ya kampuni yenyewe, na huko ndiko utakakoifunga.

2. Ingia kama mwenye akaunti. Hapa ndipo tulipokwama zaidi. Akaunti ilifunguliwa na kijana wa duka kwa barua pepe yake, na yeye dada alikuwa anaingia kama meneja. Meneja anaona mauzo na stoo, lakini ukurasa wa `Billing` haumwonyeshi. Ikabidi kijana atafutwe, akubali kuhamishia umiliki kwenye barua pepe ya bosi wake wa zamani. Ukiwa bado una duka, angalia leo akaunti ni ya nani. Mfanyakazi mkiachana kwa ugomvi, utabaki kuwabembeleza watu wa huduma kwa wateja kwa risiti za kadi na leseni ya biashara.

3. Toa kumbukumbu kabla hujafunga chochote. Pakua mauzo, manunuzi, stoo ya siku ya mwisho na madeni ya wateja, kila kimoja kama faili la CSV. Fungua kila faili uone kama limeanzia siku ya kwanza ya duka. Ripoti nyingi hutoka na siku 30 za mwisho usipobadili tarehe mwenyewe. Sheria ya kodi Tanzania inataka nyaraka zitunzwe miaka 5, na Kenya ni hivyohivyo, kwa hiyo kufunga duka hakukuondolei wajibu huo. Mashine ya EFD ni habari nyingine kabisa: hiyo unaimalizia TRA, unapotoa taarifa ya kufunga biashara.

Kwenye faili la madeni dada alikuta wateja aliokwisha kuwasahau, wawili kati yao jirani zake.

4. Sitisha, na uhakikishe umesitisha. Kampuni itakupa kwanza kifurushi cha bei ndogo, au kusimamisha kwa miezi michache. Kusimamisha maana yake malipo yatarudi yenyewe. Endelea mpaka uone tarehe ya mwisho ya huduma, upige picha ya skrini, na usubiri barua pepe ya uthibitisho. Isipokuja, bado hujamaliza. Angalia pia kama kaunta ya pili inatozwa peke yake.

5. Kadi iwe ya mwisho. Wengi hukimbilia kubadilisha kadi benki. Visa na Mastercard wana huduma inayoweza kumpelekea mfanyabiashara namba mpya ya kadi yako, benki yako ikiwa imejiunga nayo, na makato yakaendelea kama kawaida. Hata yakigoma, akaunti hai inaweza kukuandikia deni. Sitisha kwanza, ndipo uitoe kadi kwenye akaunti.

6. Dai ulicholipa bure. Andika kwa ufupi, ukiambatisha ushahidi:

"Duka lilifungwa Februari. Tangu hapo hakuna muamala wowote kwenye mfumo, kama ripoti yenu inavyoonyesha. Naomba kurudishiwa malipo ya Machi hadi Novemba."

Ripoti yenye sifuri tupu ndiyo silaha yako. Benki kwa kawaida husaidia pale kampuni inapokata baada ya wewe kusitisha, ndiyo maana ule uthibitisho wa hatua ya 4 hautupwi. Makato ya kabla ya hapo yanategemea hiari ya kampuni. Dada alirudishiwa miezi miwili, dola 78. Desemba tarehe 14 ikapita, na ya 15, bila makato.