Mhasibu Anayerudi Kazini Kisumu: Mambo ya Kuzingatia Kabla ya Kulipia Kozi

Kabla hujalipia kozi yoyote, chukua karatasi, kalamu na kikokotoo, ukokotoe mshahara wa mfanyakazi mmoja anayelipwa shilingi 50,000 kwa mwezi. Usiulize mtu, usifungue simu. Tumia kile kilichobaki kichwani tangu siku uliyoacha kazi. Hili ndilo jambo la kwanza ninalomwomba mhasibu yeyote anayetaka kurudi baada ya miaka mingi nyumbani, kwa sababu jibu lake huonyesha pesa za kozi ziende wapi.

Nilimpa jaribio hilo mwenzangu tuliyekuwa tukisoma naye CPA zamani. Aliacha kazi hapa Kisumu mwishoni mwa 2015, akalea watoto, kisha akamuuguza mamake. Mwaka 2025 alikuja kwangu Jumamosi moja na orodha ya vyeti vipya alivyoambiwa ndivyo vinavyotafutwa siku hizi. "Dadangu, hebu niambie, nianze na kipi? Hiki changu si kimeshazeeka?" Nikamwambia tuweke orodha kando kwanza, tukokotoe mshahara.

Alikokotoa vizuri sana, kwa sheria za 2015. NSSF shilingi 200. NHIF shilingi 1,200. Akaondoa zile 200 kabla ya kodi, akapanda ngazi za PAYE za wakati ule, asilimia 10, 15, 20, 25 na 30, akatoa nafuu ya kibinafsi ya 1,162, akabaki na kodi ya shilingi 8,872. Mshahara wa mkononi ukawa 39,728. Kumbukumbu yake ilinishangaza.

Kisha tukakokotoa kwa viwango vya 2025. NSSF ni asilimia 6 hadi kikomo kilichowekwa, kwa hiyo kwake ni 3,000. NHIF haipo tena: tangu Oktoba 2024 kuna SHIF, asilimia 2.75 ya mshahara wote, yaani 1,375. Kuna ada ya nyumba ya asilimia 1.5, yaani 750. Zote tatu hutolewa kabla ya kodi, na kinachobaki cha kutozwa ni 44,875. Ngazi za PAYE nazo ni nyingine: shilingi 24,000 za kwanza kwa asilimia 10, 8,333 zinazofuata kwa asilimia 25, na zilizobaki kwa asilimia 30. Jumla inafika 8,246 hivi. Ukitoa nafuu ya 2,400, kodi inakuwa 5,846. Mkononi anapata 39,029.

Tazama hizo jumla mbili za mwisho. Zinapishana kwa takriban shilingi 700 tu. Mtu akitazama mstari wa chini peke yake ataamini bado anaijua kazi, ilhali hakuna mstari hata mmoja juu yake ulio sahihi. Na upande wa mwajiri pengo ni kubwa zaidi. Mwaka 2015 mwajiri aliongeza NSSF ya 200 kwa mfanyakazi huyo. Sasa anaongeza 3,000 za NSSF na 750 za nyumba. Kwa shule ya binafsi yenye wafanyakazi 30 wa mshahara huo, bajeti iliyopangwa kwa mazoea ya zamani itapungukiwa na shilingi 106,500 kila mwezi. Kosa hilo mwenye shule halioni siku ya kukuajiri. Analiona miezi kadhaa baadaye, wakati madeni na faini vimeshaanza kurundikana.

Jambo la pili la kuzingatia ni kwamba anayesema "cheti changu kimezeeka" anachanganya vitu vitatu. Kuna mtihani uliofaulu, ambao ni wa Kasneb, na huo hauozi; aliyemaliza CPA mwaka 2009 ameimaliza. Kuna uanachama wa ICPAK, ambao hulipiwa kila mwaka na hudai saa za mafunzo endelevu. Huo ndio hulala ukiuacha. Halafu kuna maarifa ya sheria na viwango, ambayo hakuna ofisi inayokuandikia kukuambia yameisha. Mwenzangu alitaka kununua mtihani mpya ilhali mtihani ndio kitu pekee alichokuwa nacho kizima.

Basi shughulikia uanachama mapema, kwa kuwa huchukua muda usioutawala wewe. Ingia kwenye akaunti yako ya mwanachama, na kama nywila imepotea, andika barua pepe ukitaja namba yako ya uanachama. Omba taarifa ya maandishi yenye mambo mawili: ni ada ipi unayodaiwa, na ni masharti gani ya kurejeshwa yanayokuhusu kwa urefu wa muda uliokaa nje. Usianze kulipa vipande vipande kabla ya kupata jibu hilo, kwani aliyechelewa miaka miwili na yule ambaye jina lake limeshaondolewa kwenye rejista huenda wasipitie njia moja. Saa za mafunzo unaweza kuanza kuzikusanya kwa semina za mtandaoni bila nauli ya kwenda Nairobi, na ukichagua zile za kodi na mishahara utakuwa unajaza hesabu ya saa na kuziba pengo la maarifa kwa wakati mmoja.

Hadi hapo uwe mwangalifu na unachoandika kwenye wasifu wako. Matangazo mengi ya kazi za uhasibu husema wazi kwamba wanamtaka mwanachama wa ICPAK asiyedaiwa kitu, na jina la mwanachama ni rahisi kuthibitisha. Ukiandika "mwanachama" wakati uanachama umelala, utaonekana mdanganyifu kabla hujaketi. Andika ulivyo: umemaliza CPA, mwaka fulani, maombi ya kurejeshwa yako njiani. Leseni ya kufanya ukaguzi wa hesabu kwa jina lako mwenyewe ni kitu kingine tena, na kama unatafuta kuajiriwa, huihitaji kwa sasa.

Sasa tuje kwenye vile vyeti vipya. Cha kwanza kwenye orodha ya mwenzangu kilikuwa CISA, cha ukaguzi wa mifumo ya kompyuta. Ni cheti kizuri na benki hukiheshimu. Lakini kufaulu mtihani wake hakukupi cheti. ISACA, shirika linalokitoa, hudai uzoefu wa miaka 5 katika kazi hiyo, baadhi ya miaka ikiweza kusamehewa kwa sababu ya masomo, na uzoefu huo uwe wa ndani ya miaka 10 kabla ya kuomba. Mtu aliyetoka kazini 2015 akiomba 2026, uzoefu wake wote wa zamani uko nje ya dirisha. Angelipa ada ya mtihani kwa dola, afaulu, kisha abaki na karatasi ya matokeo akisubiri kuajiriwa ili aanze kuhesabu miaka. Mtu anayerudi baada ya mapumziko mafupi ana hesabu tofauti, na kama alikuwa mkaguzi wa mifumo hapo awali, CISA yaweza kumfaa kweli.

Cha pili kilikuwa ACCA. Mwenye CPA hupata misamaha kwa mitihani kadhaa, na hapo ndipo watu husema ni njia ya mkato. Misamaha hiyo haifiki ngazi ya juu. Hata ukisamehewa chini yote, mitihani minne ya ngazi ya juu inakungoja, pamoja na ada ya kila mwaka. Kwa anayetaka kazi kwenye mashirika ya kimataifa au nje ya nchi, sawa. Kwa anayetaka kuwa mhasibu wa sako ya walimu Kakamega au wa kampuni ya maua Naivasha, sioni cheti hicho kikimwambia mwajiri jambo ambalo CPA haijamwambia.

Aliyeacha CPA katikati, huyo nampa jibu tofauti: amalizie. Mtaala ulibadilishwa 2021 na majina ya ngazi si yale ya zamani, kwa hiyo aiulize Kasneb karatasi zake zilizofaulu zimehamishiwa wapi na usajili wake unadaiwa nini, kabla ya kununua kitabu hata kimoja. Vitabu vya mtaala wa zamani bado vinauzwa bei nafuu mitaani, na huko ndiko pesa nyingi hupotelea.

Kuna cheti kipya kimoja ninachokipendekeza karibu kwa kila mtu, na hakidai miaka: kile cha QuickBooks Online, ambacho mhasibu hujisajili na kukifanya mtandaoni bila malipo. Nakipendekeza kwa ajili ya saa utakazotumia ndani ya programu yenyewe, maana vidole vilivyozoea toleo la kompyuta ya ofisini hupotea siku ya kwanza.

Jambo la mwisho la kujipima nalo ni eTIMS, mfumo wa KRA wa ankara za kielektroniki, maana hapo ndipo nimeona wanaorudi wakijikwaa zaidi. Zamani risiti ya kitabu yenye muhuri ilitosha kuunga mkono gharama. Tangu tarehe 1 Januari 2024, kwa gharama nyingi za biashara, ankara isiyotoka kwenye eTIMS haikubaliwi wakati wa kukokotoa faida ya kutozwa kodi. Kampuni ikilipa usafirishaji wa mahindi kutoka Kitale kwa shilingi 100,000 na kupewa risiti ya kuandikwa kwa mkono, pesa zimetoka, lakini kwa KRA ni kana kwamba hazikutoka. Kwa kodi ya kampuni ya asilimia 30, hizo ni shilingi 30,000 za ziada. Mhasibu anayejua hili humdai msafirishaji ankara kabla ya kuidhinisha malipo, kwa sababu baada ya kulipwa si rahisi kumpata tena.

Mwenzangu hakununua kozi. Alianza utaratibu wa ICPAK, na wakati anasubiri, akaomba kumsaidia jirani mwenye duka la vifaa vya ujenzi karibu na Kibuye, mwenye wafanyakazi wanane. Miezi miwili akawakokotolea mishahara, akatayarisha faili ya P10, akaipandisha kwenye iTax kabla ya tarehe 9, na akaandika kando kila kosa ambalo mfumo ulimkatalia. Mwezi wa kwanza ulimkatalia mara tatu, mara mbili kwa sababu ya PIN iliyoandikwa vibaya. Mwezi wa pili faili ilipita mara moja.

Kwenye usaili wake wa kwanza, katika shule moja upande wa Mamboleo, walimpa kompyuta, majina ya wafanyakazi sita na dakika 45. Mmoja wa wale sita alikuwa analipwa shilingi 50,000.