Kabla SSD haijapotea kwenye kompyuta

Diski za zamani za sahani zilikuwa zinaaga: zinagonga, zinakwaruza, faili zinafunguka kwa shida. SSD, diski ya kisasa isiyo na sahani, haina adabu hiyo. Unawasha kompyuta asubuhi, inakwambia haioni diski yoyote. Kwa hiyo maswali yote iulize ingali hai, na majibu uyaandike daftarini pamoja na tarehe. Kwenye Linux amri ni moja; kwenye Windows, CrystalDiskInfo inatoa habari zilezile.

```
sudo smartctl -a /dev/sda
```

Wengi hukimbilia kulaumu uchakavu. Kwenye diski za NVMe, ambazo amri yake huishia na `/dev/nvme0` badala ya `/dev/sda`, utausoma kwenye `Percentage Used`, nayo ikifika 100 haimaanishi diski imekufa. Ni makadirio ya mtengenezaji, na diski huweza kuendelea kufanya kazi. `Available Spare`, yaani akiba ya kuziba sehemu zilizokufa, ikianza kushuka ndipo uanze kutafuta diski nyingine. Diski iliyochakaa mara nyingi huleta makosa au hukataa kuandikwa huku bado inasomeka. Ile inayopotea ghafla ina kisa kingine.

Anza na waya. Kompyuta moja ya ofisini kwetu ilikuwa inapoteza SSD ya SATA karibu kila wiki, ukizima na kuwasha inarudi. Daftarini kipengele namba 199, `UDMA_CRC_Error_Count`, kilikuwa 3. Nilipokiangalia tena kilikuwa 412. Hesabu hiyo ni ya data inayoharibika njiani kati ya diski na mazabodi. Nilibadilisha waya tu. Namba haikurudi sifuri, hairudi kamwe, ila ilibaki 412, na diski haijapotea tena. Bila ile 3 ya mwanzo nisingejua kama makosa ni mapya au ya miaka iliyopita.

Kisha fimwea, programu inayoiendesha diski yenyewe. Novemba 2019 kampuni ya HPE ilitangaza kwamba baadhi ya SSD zake za SAS za kwenye seva zingekufa zikitimiza saa 32,768 za kuwashwa, yaani miaka 3, siku 270 na saa 8, na data isingeokoleka. Dawa ilikuwa fimwea HPD8, iwekwe kabla ya saa hiyo. Balaa ni kwamba diski za seva moja huwashwa siku moja, basi zingezimika karibu pamoja, na RAID, mpangilio wa diski kadhaa ili moja ikifa data ibaki, isingesaidia kitu. Linganisha toleo la fimwea yako na lililo kwenye tovuti ya mtengenezaji, na uhamishe data kwanza kabla ya kulibadilisha.

Nakala yako iweke kwenye diski ya modeli tofauti. Kama unatumia BitLocker, kufuli ya Windows ya kufunga data ya diski, ufunguo wa kurejesha uchapishe kwenye karatasi. Nimeshaona mtu kauhifadhi ndani ya diski ileile iliyofungwa.